Uume uligoma mara ya kwanza na mpenzi mpya: maswali ya vijana na majibu yake

Kijana wa miaka 24, mzima wa afya, hatumii dawa yoyote. Amekuwa na mpenzi mpya kwa wiki sita na Ijumaa usiku wanapata faragha kwa mara ya kwanza. Wakiwa bado wamevaa nguo, wanabusiana, uume umesimama imara kabisa. Kisha anageuka kutafuta kondomu. Pakiti inakataa kuchanika, vidole vina jasho, sekunde zinapita, na anapoanza kuivaa anakuta uume umenywea. Anausugua kwa nguvu. Wapi! Mwenzake anamwambia, "Usijali, tulale tu," na yeye anayasikia maneno hayo kama hukumu. Saa kumi na moja alfajiri anashtuka usingizini na uume umesimama wima, na hapo ndipo mawazo yanapomjaa: kama unaweza sasa hivi, jana ulikuwa wapi?

Kijana huyu nimemuunganisha kutokana na vijana wengi niliowasikiliza katika kazi ya ushauri wa afya ya uzazi. Nitamrudia mara kwa mara, kwa sababu kilichompata Ijumaa ni kitu kidogo, na kilichofuata baada ya Ijumaa ndicho kilichomsumbua kwa miezi miwili.

Kwa nini uume uliokuwa umesimama vizuri ulegee dakika ileile ninapouhitaji?

Watu wengi hudhani uume husimama kwa kukaza misuli, kama mkono unavyokaza unapoinua mzigo. Mambo ni kinyume chake. Ndani ya uume kuna mirija miwili ya nyama yenye vitundu kama sponji. Kuta za sponji hiyo, na za mishipa inayoiletea damu, zina misuli midogo ambayo huwezi kuiamrisha. Wakati wote wa kawaida, ukiwa kazini au njiani, misuli hiyo imejibana, damu inaingia kidogo tu, na uume umelala. Unapopata hamu, mishipa ya fahamu inayotoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo humwaga kemikali iitwayo nitriki oksaidi. Misuli ile inalegea, damu inaingia kwa kasi, sponji inavimba, na ikivimba inaibana mishipa inayotoa damu nje. Damu inanaswa ndani na uume unasimama. Kwa hiyo kusimama kwa uume ni matokeo ya kulegea kwa misuli. Huu ndio ufunguo wa mambo yote yanayofuata.

Upande wa pili kuna mishipa ya fahamu ya hatari. Unapoogopa, inamwaga noradrenalini, na tezi zilizo juu ya figo zinaongeza adrenalini kwenye damu. Kemikali hizi huharakisha moyo, hukausha mdomo, hutia jasho viganjani, na huibana misuli ileile ya uume iliyokuwa imelegea. Damu inatoka na uume unalala. Mwili hauna namna ya kutofautisha hofu ya kufukuzwa na mbwa na hofu ya kuaibika mbele ya mtu unayempenda. Zote mbili ni hofu, na zote huleta adrenalini ileile.

Ukitaka ushahidi kwamba kemikali hizi zina nguvu kiasi hicho, angalia wanachofanya madaktari wanapompokea mwanamume ambaye uume wake umesimama kwa saa nyingi na hautaki kushuka. Baada ya kutoa damu iliyonaswa, humchoma ndani ya uume sindano ya fenilefrini, dawa inayofanya kazi kama noradrenalini, ili misuli ijibane na uume ulale. Kijana wetu Ijumaa usiku alijitengenezea sindano hiyo mwenyewe, kwa hofu yake.

Basi kwa nini alfajiri ulisimama bila shida?

Kwa sababu alikuwa amelala, na aliyelala hana wa kumwogopa. Mwanamume mwenye afya husimamisha mara tatu hadi tano kwa usiku, kila mara kwa muda unaoweza kufika nusu saa, hasa katika kile kipindi cha usingizi chenye ndoto. Katika kipindi hicho seli za ubongo zinazotoa noradrenalini hunyamaza karibu kabisa. Breki ikiachiwa, uume unasimama wenyewe, hata kama ndoto haina uhusiano wowote na mapenzi. Ukiamka ukitokea katika kipindi hicho, unauona.

Mwaka 1980 kuna madaktari walioandika namna rahisi sana ya kupima jambo hili: mgonjwa alizungushiwa stempu za posta kwenye uume kabla ya kulala, na asubuhi wakaangalia kama ule mkanda umekatika. Leo kuna vifaa bora, lakini hoja iko palepale. Uume unaosimama imara usingizini unaonyesha kwamba mishipa ya damu inapitisha, fahamu zinafanya kazi, na homoni kwa kawaida ziko sawa. Kipimo hiki kina mipaka yake, na mtu aliyelala vibaya au mwenye sonona anaweza kuukosa kwa muda. Ukiamka siku moja au mbili bila kuuona, usihesabu kitu: huenda uliamka tu nje ya kipindi cha ndoto.

Kijana wetu, kwa hiyo, alikuwa na jibu lake alfajiri ileile. Aliliona, lakini alilisoma vibaya: badala ya kusema "kumbe mashine ni nzima," alisema "kumbe tatizo ni mimi."

Nikiwa peke yangu hakuna shida. Na huyu ninampenda kuliko wote niliowahi kuwa nao. Inakuwaje unikatae kwake?

Hilo la kumpenda ndilo lenyewe. Ukiwa peke yako hakuna mtu wa kukupima, hakuna cha kupoteza, na unajua mkono wako utafanya nini. Kwa mtu mpya usiyetaka kumpoteza, kila kitu ni kigeni: harufu yake, mwendo wake, anachopenda, atakachofikiri juu ya mwili wako. Kadiri unavyomthamini ndivyo unavyoogopa kumwangusha. Ndiyo maana vijana wengi huniambia kwamba walikuwa sawa kwa yule wasiyemjali, wakakwama kwa yule wanayetaka kumwoa.

Kuna jambo la pili, nalo ni la makini yako inakwenda wapi. William Masters na Virginia Johnson, watafiti wa Marekani walioanzisha tiba ya matatizo ya tendo la ndoa, waliona kwamba mwanamume mwenye hofu hii huacha kuwa mshiriki akawa mtazamaji. Mwili uko kitandani, lakini akili imesimama pembeni inauangalia uume: umesimama? Umepungua? Bado upo? Hamu inalishwa na kile unachokihisi, yaani ngozi ya mwenzako, pumzi yake, joto lake. Akili ikihamia kwenye ukaguzi, chakula cha hamu kinakatika. Hofu inabana misuli, ukaguzi unakata hamu, na uume unaposhuka kidogo mkaguzi anaogopa zaidi.

Huwezi kuuamrisha uume kama usivyoweza kuamrisha mate yajae mdomoni. Lakini ukiwaza kitu kichachu kinavyogusa ulimi, mate yanakuja yenyewe. Uume nao hausikii amri, unaitikia unachokihisi.

Kwa hiyo haina maana kwamba simtamani?

Haina. Na ni muhimu mwenzako alijue hili, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayeondoka na jeraha. Wewe unalala ukiwaza kwamba si mwanamume kamili, yeye analala akiwaza kwamba hapendezi. Mnalala kimya, kila mmoja na kosa asilolifanya.

Inawezekana kondomu ndiyo iliyoniangusha?

Kwa sehemu, ndiyo, na jambo hili linasemwa mara chache mno. Ukitazama Ijumaa ile kwa makini, uume haukulegea wakati wa kubusiana. Ulilegea katika zile sekunde thelathini za kugeuka, kutafuta, kuchana na kuvaa. Ule msisimko wa mguso ulikatika, akili ikahamia kwenye kazi ya mikono, na hapohapo swali likaingia: utabaki? Kwa wengine kondomu yenyewe inabana shina la uume, au inapunguza hisia ambazo tayari zilikuwa chache kwa sababu ya hofu.

Dawa ya hili si kuiacha kondomu. Ukiiacha unabadilisha hofu moja kwa nyingine kubwa zaidi, ya mimba na maambukizi, na hofu hizo nazo huleta adrenalini. Dawa ni kuizoea ukiwa peke yako. Mara tano au sita, ukiwa umetulia, vaa kondomu uume ukiwa umesimama, jichue ukiwa umeivaa, uache uume ulegee kidogo kisha usimame tena ndani yake. Mikono ikishajua kazi hiyo gizani, sekunde thelathini zinakuwa kumi, na akili inabaki kwa mwenzako. Tone moja la kilainishi cha maji ndani ya ncha kabla ya kuivaa huongeza hisia. Moja tu, kwani kikizidi kondomu inateleza. Mafuta ya aina yoyote usitumie na kondomu ya mpira, huidhoofisha ikapasuka. Kama inakuacha na alama ya kubana kwenye shina, jaribu saizi nyingine, zipo pana zaidi.

Iweke karibu na mkono kabla hamjaanza, na ikiwezekana mwenzako akuvishe huku mkiendelea kubusiana. Na uume ukilegea tayari umevaa, ivue. Usijilazimishe kuingia hivyohivyo, maana kondomu kwenye uume uliolegea huchomoka au kubaki ndani ya mwenzako. Uume ukisimama tena, vaa mpya.

Ikitokea tena, nifanye nini dakika ileile?

Acha kuusugua. Najua mkono unakwenda wenyewe, lakini kuusugua kwa nguvu uume uliolegea hakuleti raha yoyote, kunaleta maumivu na haraka, na vyote viwili vinausemesha mwili lugha ya hatari. Acha pia kuukagua.

Kisha sema sentensi moja, kwa sauti ya kawaida. Kijana wetu hakusema kitu, na ule ukimya ndio ulioharibu usiku. Angeweza kusema, "Nina wasiwasi kidogo kwa sababu nakupenda, na mwili wangu unaonyesha. Tuendelee tu kushikana." Haihitaji kuomba radhi mara kumi, wala kueleza historia ya maisha. Sentensi ya namna hii inafanya kazi mbili: inamwondolea mwenzako dhana kwamba hapendezi, na inakuondolea wewe siri ya kulinda. Sehemu ya adrenalini ya usiku huo inatokana na kujaribu kuficha.

Baada ya hapo rudini kwenye kile mlichokuwa mkikifanya wakati mambo yalikuwa mazuri. Vuta pumzi kwa utulivu na uitoe polepole, kuitoa kuwe kurefu kuliko kuivuta, mara nane au kumi hivi, kwani pumzi ndefu ya kutoka hupunguza mapigo ya moyo. Adrenalini haiondoki kwa amri. Inapungua yenyewe ikiwa huiongezei nyingine kwa mawazo ya "haraka, haraka." Na uume ukirudi, usikimbilie kuingia kabla haujalala. Wanaokimbilia hivyo mara nyingi humwaga baada ya sekunde chache, na sasa wana wasiwasi wa aina mbili badala ya mmoja.

Jambo moja zaidi ambalo kila mwanamume angefundishwa mapema: ni kawaida kwa uume kupanda na kushuka wakati wa mapenzi yanayochukua muda. Anayelijua hili anauona ukipungua na haoni habari yoyote. Asiyelijua anaona mwisho wa dunia.

Nimekubaliana naye kukutana tena. Namna gani nisirudie yaleyale?

Hapa ndipo ninapotaka usome taratibu, kwa kuwa tatizo hutengenezwa mara ya pili. Mara ya kwanza ni tukio. Mara ya pili unakuja na kumbukumbu, na unaanza kujipima tangu mchana.

Kijana wetu alifanya makosa matatu ndani ya wiki chache. Jumapili ya pili yake alikunywa bia nne ili kutoa woga. Pombe kidogo huweza kulegeza ulimi, lakini ikizidi inazipooza fahamu zilezile zinazotakiwa kupeleka ujumbe kwenye uume, na jogoo akashindwa tena kupanda mtungi. Wiki iliyofuata alimeza kidonge alichopewa na rafiki, akakaa akiangalia saa kusubiri kifanye kazi, na kilipofanya akawa na hakika kwamba bila kidonge yeye si kitu. Baada ya hapo akaanza kukwepa: leo amechoka, kesho ana kazi. Mwenzake akamuuliza kama kuna mtu mwingine.

Njia iliyomtoa hapo imetokana na kazi ya Masters na Johnson tangu miaka ya 1970, na washauri bado wanaitumia. Msingi wake ni kufuta mtihani. Walikubaliana waziwazi, wakiwa wamevaa nguo na wakinywa chai, kwamba kwa mikutano kadhaa hakutakuwa na kuingiliana, hata kama uume utasimama.

Katika mkutano wa kwanza walipapasana mwili mzima kwa zamu, kila mmoja kama dakika kumi na tano, bila kugusa sehemu za siri wala matiti. Anayeguswa kazi yake ni moja tu: kuhisi, na kusema kama kitu hakimpendezi. Kijana alisimamisha ndani ya dakika chache. Akashangaa sana, lakini hakuna ajabu: hakukuwa na kitu cha kufaulu wala kufeli.

Mkutano wa pili waliruhusu kugusana popote, bado bila kuingiliana. Hapa kulikuwa na zoezi ambalo naliona ndilo lenye thamani kuliko yote. Uume ukisimama, waliacha kuugusa makusudi, wakazungumza, ukalala. Kisha wakaanza upya, ukasimama tena. Wakafanya hivyo mara tatu. Hakuna maelezo ya daktari yanayoweza kumfundisha mwanamume kile ambacho mwili wake unamfundisha hapo, kwamba ukishuka hurudi. Hofu yake kubwa ilikuwa kushuka, na sasa alikuwa ameushusha mwenyewe mara tatu na hakuna kilichoharibika.

Mkutano wa tatu walijaribu kondomu, na uume ukalegea tena. Sikufichi hilo, maana ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Tofauti ni kwamba safari hii aliivua kondomu, akasema "umelala, ngoja," wakarudi kupapasana, na baada ya muda alivaa nyingine mwenzake akimsaidia. Wakaingiliana kwa muda mfupi, bila kukimbizana, wakaacha. Mkutano wa nne hakukuwa na mpango wowote.

Linaloharibu zoezi hili ni kulifanya kwa hila. Kuna wanaokubali kutoingiliana mdomoni, lakini moyoni wanangoja tu uume usimame wavunje makubaliano. Hapo mtihani umerudi kupitia dirishani. Utajitambua kwa dalili moja: katikati ya kupapaswa bado unajiuliza umesimama kwa kiasi gani. Ukijikamata ukiuliza hivyo, rudisha makini kwenye kitu kimoja unachokihisi, kwa mfano joto la kiganja chake mgongoni mwako, bila kujilaumu.

Vidonge je? Rafiki zangu wanavitumia.

Sildenafili na tadalafili hazitengenezi hamu. Nitriki oksaidi inapotoka huzalisha kemikali nyingine inayolegeza misuli, na mwilini kuna kimeng'enya kinachoivunja kemikali hiyo. Vidonge hivi hukizuia kimeng'enya hicho, kwa hiyo ulegevu unadumu. Lakini kama hofu imezuia ujumbe wa kwanza usitoke, kidonge hakina cha kukirefusha. Ndiyo maana mtu humeza, akakaa kusubiri bila kuguswa, akaona hakuna kitu, akaongeza cha pili. Sildenafili huchukua kama nusu saa hadi saa nzima kuanza kazi, na mlo mzito wenye mafuta huichelewesha. Tadalafili hudumu mwilini muda mrefu zaidi, hata saa 36.

Daktari anaweza kumwandikia kijana kipimo kidogo kwa muda mfupi ili avunje mzunguko wa hofu, na sioni aibu ndani yake, hasa kikienda pamoja na mazoezi niliyoyaeleza. Ninachokipinga ni kile cha kupewa na rafiki. Anayetumia dawa za kifua za kundi la naitreti, kama nitrogliserini, akichanganya na vidonge hivi shinikizo la damu huweza kuporomoka hadi kumuua. Vivyo hivyo zile kemikali za kunusa za starehe zilizo katika kundi hilohilo. Uume ukisimama kwa zaidi ya saa nne bila kushuka, nenda hospitali usiku huohuo, kwa sababu damu iliyonaswa huishiwa oksijeni na tishu huanza kufa. Na unga au asali inayouzwa kuwa ni "mitishamba tupu" isikutulize: bidhaa nyingi za namna hiyo zimewahi kupimwa zikakutwa na sildenafili iliyochanganywa kwa siri, kwa kiasi kisichojulikana.

Nimekuwa nikipiga punyeto na kutazama picha za ngono kwa miaka. Nimejiharibu?

Hujajiharibu. Punyeto haimalizi nguvu wala haikati mishipa. Linaloweza kutokea ni mazoea. Ukizoea kuubana uume kwa nguvu na kwa kasi ambayo hakuna mwili wa mwenzako unaoweza kuifikia, au kubadilisha picha kila baada ya sekunde chache, mguso wa polepole wa mtu halisi unaweza kuonekana hafifu mwanzoni. Legeza mkono, tumia kilainishi, punguza kasi, na uache picha kwa wiki kadhaa. Mwili hujifunza upya.

Nitajuaje kama ni ugonjwa na si hofu?

Tazama mtindo wake. Hofu huchagua: inakukamata kwa mtu fulani au katika hali fulani, ilianza ghafla siku unayoweza kuitaja, na inakuacha alfajiri na ukiwa peke yako. Ugonjwa hauchagui. Huja polepole, na unaugusa uume mahali pote, usingizini, ukiwa peke yako, na kwa mwenzi yeyote. Mwongozo mmojawapo wa uchunguzi unaotumika sana hauliiti tatizo hili maradhi mpaka liwe limetokea katika angalau robo tatu ya nafasi, kwa muda wa miezi sita hivi. Usiku mmoja, au hata mitatu, haukaribii hapo. Hata hivyo huna haja ya kungoja miezi sita ndipo uombe ushauri kama linakukosesha raha.

Nenda kwa daktari ikiwa kusimama kwa alfajiri kumetoweka kwa wiki kadhaa mfululizo, ikiwa hamu yenyewe imekauka, ikiwa una kiu isiyoisha na unakojoa mara nyingi, ikiwa uume umepinda na unauma, au ikiwa tatizo lilianza baada ya kuumia kati ya mapaja. Mwambie kila dawa unayotumia. Dawa nyingi za sonona hupunguza hamu na nguvu, na zingine za shinikizo la damu pia, lakini usiziache mwenyewe. Mwambie naye akubadilishie. Ukihisi ganzi sehemu unayokalia pamoja na mkojo kukataa kutoka, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Daktari atakuuliza maswali mengi kuliko atakavyokupima. Atapima shinikizo la damu, sukari, pengine mafuta ya damu, na homoni ya testosteroni, ambayo hupimwa asubuhi, kabla ya saa tano, kwa kuwa ndipo inapokuwa juu. Mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, hivyo kwa watu wazima zaidi kuziba kwake huonekana kwanza huku chini, miaka kadhaa kabla ya moyo kulalamika. Kwa kijana wa miaka 24 anayesimama alfajiri, hilo ni nadra.

Mimi ndiye mpenzi wake. Nilimwambia asijali, na akazidi kunyamaza. Nilikosea?

Hukukosea, ila "usijali" humfunga mtu mdomo, maana ina maana mazungumzo yamekwisha. Muulize badala yake anapenda nini sasa hivi: kushikwa, kulala, au kuzungumza. Usimsaidie kwa kuhangaika na uume wake, hapo mtakuwa wakaguzi wawili. Na kama umeumia, mwambie kesho yake mchana, nguo zikiwa mwilini. Mpenzi wa yule kijana alifanya hivyo wiki ya saba baada ya Ijumaa ile. Alimwambia, "Nilidhani hunitaki." Kijana akamjibu, "Nilidhani utaniacha." Chai ile ndiyo waliyokunywa wakikubaliana mkutano wa kwanza.